Dodoso limerudi na mapengo: ubaki na fomu kamili tu au ujaze mara nyingi?

Tuseme mmezunguka vijiwe vya bodaboda mkahoji madereva 400. Nusu yao, 200, pikipiki ni zao wenyewe, na 200 wengine ni wa hesabu, yaani chombo ni cha bosi na jioni hela inapelekwa. Swali lenu kubwa ni kipato kinachobaki mkononi kwa siku baada ya mafuta na hesabu. Sasa mkifungua faili mnakuta safu ya kipato ina mapengo 120. Namba za mfano huu nimezitunga mwenyewe ili ziwe nyepesi kupiga kwa kikokotoo, ila tabia yake aliyewahi kwenda fildi ataitambua: wa hesabu hana cha kuficha, anakutajia kipato na malalamiko juu, lakini mwenye chombo chake akimwona mdadisi na tableti anawaza kodi, anakwambia "hiyo ruka bwana".

Hapo kuna njia mbili watu wanabishania. Ya kwanza ni kutupa kila fomu yenye pengo ubaki na zilizojaa tu. Ya pili ni ile wanayoiita maltipo impyutesheni, mimi hapa nitaiita kujaza mara nyingi, maana ndo kinachofanyika: unalijaza kila pengo mara kadhaa kwa makadirio tofauti, unachambua kila faili peke yake, halafu unaunganisha majibu. Nitatumia R na pakiti ya mice, ila mantiki ni ile ile hata ukiwa kwenye Stata au SPSS.

Hatua ya 1: jua pengo lipi ni pengo kweli

Usiguse kujaza chochote kabla ya hapa. Kwenye faili la dodoso kuna nafasi wazi za aina tatu na kompyuta haizitofautishi. Kuna mtu aliyekataa kujibu, hilo ni pengo. Kuna swali lililorukwa kwa sababu halimhusu, mfano "deni la pikipiki limebaki kiasi gani" kwa mtu asiye na mkopo, hilo sio pengo, huyo deni lake ni sifuri au swali halimhusu kabisa, na ukimjazia deni la kukadiria umemkopesha hela hewani. Halafu kuna pengo lililovaa nguo za jibu, yaani zile namba maalumu za 99, 999 na -99 ambazo mtengeneza fomu aliweka kwa ajili ya "sijui" na "amekataa".

Hizi za mwisho nimewahi kuumwa nazo. Nilitoa wastani wa umri wa madereva ukaja miaka 47, nikakaa nauangalia, bodaboda gani hao wazee hivyo? Kumbe watu 8 kati ya 400 walikuwa wameandikiwa 999. Piga hesabu uone: 392 wenye wastani wa miaka 28 na 8 wenye 999 inakupa 47 na ushee. Watu wanane tu wamezeesha kijiwe kizima. Kwa hiyo fungua dodoso lenyewe, sio faili peke yake, uandike kila namba maalumu ya kukataa halafu uzigeuze ziwe NA:

```r
data$umri[data$umri %in% c(99, 999)] <- NA
data$kipato[data$kipato %in% c(-99, 99, 999)] <- NA
data$deni[data$ana_mkopo == "hapana"] <- 0
```

Na wakati uko hapo, safu za makundi kama umiliki au wilaya zigeuze ziwe factor. Ukiacha wilaya kama 1, 2, 3 kompyuta itadhani wilaya ya 3 ni mara tatu ya wilaya ya 1 na itajaza mapengo kwa upuuzi huo bila kukwambia kitu.

Hatua ya 2: nani kaacha pengo

Watu wengi wanaishia kuhesabu asilimia, "pengo ni 30 kwa 100, si nyingi sana tuendelee". Asilimia peke yake haikwambii kama una tatizo. Kinachokwambia ni nani hajajibu.

```r
library(mice)
md.pattern(data)
prop.table(table(data$umiliki, is.na(data$kipato)), 1)
```

Mstari wa pili unakupa picha ya mapengo yanavyokaa pamoja, mfano aliyeacha kipato huwa anaacha na deni. Wa tatu ndo wenye utamu. Kwenye mfano wetu unasema hivi: wenye pikipiki zao, 100 kati ya 200 hawajajibu, nusu nzima. Wa hesabu ni 20 tu kati ya 200, yaani 10 kwa 100. Mapengo hayajaanguka kama mvua, yamekaa upande mmoja.

Mwaka 1976 Donald Rubin alipanga mapengo kwa namna inayotumika mpaka leo. Kuna pengo la bahati tu, mfano tableti ilizima chaji, halihusiani na chochote. Kuna pengo linaloelezeka, yaani linategemea kitu ambacho unacho kwenye faili, kama hapa umiliki, na ukishajua umiliki basi ndani ya kundi moja aliyejibu na asiyejibu hawatofautiani. Na kuna pengo linalotegemea jibu lenyewe lililofichwa, mfano mwenye kipato kikubwa zaidi ndo anayekataa. Kwenye makala utaziona zimeandikwa MCAR, MAR na MNAR kwa mpangilio huo. Shida ni kwamba hakuna jaribio la kompyuta litakalokutenganishia la pili na la tatu, maana kinachowatenganisha ni zile namba ambazo huna. Hapo ndo unampigia mdadisi simu umuulize, walikataaje, walikuwa kina nani, walikuwa na haraka au walikasirika? Dakika kumi na mdadisi zinazidi wiki nzima ya kukodolea skrini.

Hatua ya 3: fomu kamili zinakwambia nini, na kwa swali lipi

Jua kwanza kwamba njia hii pengine unaitumia bila kuichagua. Ukiandika lm(kipato ~ saa) kwenye R inazitupa fomu zenye pengo kimyakimya, na programu nyingine nyingi ni hivyo hivyo. Na utupaji huo unaongezeka haraka kuliko unavyodhani. Modeli yenye safu kumi, kila safu ina mapengo 5 tu kwa 100 na kila pengo limejiangukia lenyewe, inabaki na fomu karibu 60 kwa 100. Kwenye fomu 400 umebaki na kama 240, na hakuna safu hata moja iliyokuwa inaonekana mbaya.

Turudi kijiweni. Tuseme ukweli ambao mungu wa data anaujua ni kwamba wenye vyombo vyao wanabakiwa na wastani wa sh 20,000 kwa siku na wa hesabu sh 10,000, na ndani ya kila kundi watu wanatawanyika kwa kama sh 4,000 juu na chini. Kwa kuwa makundi yako sawa, 200 kwa 200, wastani wa wote ni sh 15,000. Sasa chukua fomu kamili tu. Wako 100 wa sh 20,000 na 180 wa sh 10,000, jumla sh 3,800,000, gawa kwa 280 unapata sh 13,571. Umepungukiwa sh 1,429 kwa sababu waliobaki mezani wengi ni wa hesabu. Na ukiweka mipaka ya asilimia 95 inatoka sh 12,840 mpaka 14,302, yaani ukweli wa 15,000 hata humo ndani haumo. Kuongeza sampuli hakusaidii, ukihoji 4,000 badala ya 400 utapata jibu lile lile la uongo ila umelishika kwa uhakika zaidi.

Lakini badilisha swali kidogo uone maajabu. Uliza: mwenye chombo chake anamzidi wa hesabu kwa shilingi ngapi? Fomu kamili zinasema 20,000 toa 10,000, sawa na 10,000. Sahihi kabisa! Faili lile lile, mapengo yale yale, swali moja limeharibika na lingine liko salama. Sababu ni kwamba mapengo yanategemea umiliki, na umiliki tayari umo ndani ya ulinganisho wenyewe. Kwenye rigresheni ni hivyo hivyo, fomu kamili zinakupa majibu sahihi pale ambapo kupotea kwa fomu kunategemea safu ulizoziweka upande wa kuelezea na hakutegemei matokeo yenyewe ukishazizingatia hizo safu. Hata pengo liwe nusu ya faili.

Na hapa kuna kitu wauza kozi hawakisemi. Kama mapengo yapo kwenye safu ya matokeo tu, na huna safu ya pembeni inayosaidia kukisia, basi kujaza mara nyingi hakukuongezei chochote. Utajaza kipato kwa kutumia umiliki, halafu utapima uhusiano wa kipato na umiliki, utapata zile zile 10,000 na kelele kidogo za ziada. Baki na fomu kamili uandike hivyo bila aibu.

Kujaza kunalipa kwenye hali nyingine. Unataka wastani wa wote kama hapa. Au mapengo yametapakaa kwenye safu nyingi za kuelezea na kuzitupa kunakula sampuli yako. Au una safu za pembeni nzuri, tuseme aina ya simu, matumizi ya mafuta kwa siku, ana mkopo au hana, ambazo hazimo kwenye modeli yako ila zinajua mengi kuhusu kipato cha yule aliyekataa.

Mtu makini hapa atasema, si nichukue tu wastani wa kila kundi, 20,000 na 10,000, nigawe kwa mbili nipate 15,000? Ndiyo, kwa mfano huu mwepesi inatosha na ni hesabu safi. Kujaza mara nyingi ni wazo hilo hilo likifanywa kwa safu 15 kwa pamoja wakati nazo zina mapengo yake, hapo kalamu na karatasi vinagoma.

Hatua ya 4: usijaze mara moja

Kabla ya njia yenyewe, niizike ile ya kuweka wastani kwenye kila pengo, maana bado naiona kwenye ripoti za watu. Weka sh 13,571 kwenye mapengo yote 120. Wastani unabaki 13,571, upotovu haujapungua hata senti moja, lakini sasa una watu 120 wenye kipato kinachofanana mpaka shilingi ya mwisho, mtawanyiko umebanwa, na kompyuta inaamini una majibu 400 ya kweli. Kosa sanifu linashuka kutoka 373 mpaka 261 na mipaka inakuwa sh 13,059 mpaka 14,083. Umekosea vile vile na umejiamini zaidi.

Hata ukijaza kwa akili, mwenye chombo umpe kipato cha mwenye chombo, ukijaza mara moja tu kompyuta haijui kwamba namba 120 ni za kukisia. Ndo maana tunajaza mara nyingi: mapengo yanayokisika vizuri yatapata namba zinazokaribiana kwenye kila faili, yasiyokisika yatarukaruka, na kule kurukaruka ndo kipimo cha usichokijua.

Hatua ya 5: kujaza kwenyewe

```r
pred <- make.predictorMatrix(data)
pred[, "namba_fomu"] <- 0
imp <- mice(data, m = 30, maxit = 10,
            predictorMatrix = pred, seed = 2024)
```

Safu ya namba ya fomu tunaizuia isikisie kitu, maana fomu namba 377 haina maana yoyote kuhusu kipato. Ile m ni idadi ya mafaili, na maxit ni idadi ya mizunguko ya kujaza. Kanuni ya kidole inayotumika sana ni mafaili yasipungue asilimia ya fomu zenye pengo, hapa ni 120 kwa 400 yaani 30 kwa 100, basi mafaili 30. Kiwango cha mice usipokigusa ni 5, kilitosha zamani kompyuta zikiwa nzito, leo hakuna sababu ya kubana. Namba ya seed iandike popote unapotunza kumbukumbu, bila hiyo ukirudia kesho utapata majibu tofauti kidogo na bosi atakuuliza kwanini.

Kwa safu za namba mice inatumia njia inayoitwa pmm, nami naipenda kwa dodoso. Inamkisia asiyejibu, halafu inatafuta waliojibu ambao makisio yao yanakaribia ya huyu, kawaida ni watano, inachagua mmoja kwa bahati nasibu na kuazima jibu lake la kweli. Kwa hiyo huwezi kupata kipato cha hasi wala saa 27 za kazi kwa siku, na kama watu wanataja namba za kuzungusha, 10,000 na 15,000, zilizojazwa nazo zitakuwa za kuzungusha. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuazima asichonacho mtu, kama matajiri wote wamekataa hakuna tajiri wa kuazimwa.

Sasa kosa linaloumiza kuliko yote kwenye hatua hii. Tuseme safu ya saa za kazi nayo ina mapengo, na unataka kujua kila saa inaongeza shilingi ngapi. Mtu anawaza, kipato ni matokeo yangu, sitakiwi kukitumia kujazia saa, nitakuwa nadanganya. Anakitoa kipato kwenye orodha ya wakisiaji. Ni kinyume chake! Ukijaza saa bila kuangalia kipato, zile saa zilizojazwa hazina uhusiano wowote na kipato cha mwenye nazo, na zikichanganyika na za kweli zinauzimua uhusiano. Kama kila saa kweli inaongeza sh 1,500, saa 30 kwa 100 ni za kujazwa kwa bahati nasibu namna hiyo na hakuna safu nyingine inayosaidia kuzikisia, utaona kama sh 1,050 tu. Basi kila safu itakayoingia kwenye uchambuzi wa mwisho iingie kwenye kujaza, matokeo yakiwemo, halafu ongeza zile za pembeni. Na kama dodoso lina uzito wa sampuli au mlichagua kwa vijiwe, uzito na kijiwe navyo visisahaulike, ila vijiwe 40 vyenye watu kumi kumi ukiviweka kama factor ya kawaida modeli inaweza kulemewa, hapo kuna njia za ngazi mbili ndani ya mice zinazohitaji somo lake.

Hatua ya 6: angalia kilichojazwa

```r
plot(imp)
densityplot(imp, ~ kipato)
```

Picha ya kwanza inatoa mistari, kila mstari ni faili moja likitembea kwenye mizunguko kumi. Unataka ifanane na nywele zilizovurugika, mistari inapishana na haipandi wala kushuka kwa pamoja. Ikionekana bado inapanda, ongeza maxit hadi 20 au 30. Ikiwa mistari imegawanyika makundi mawili yasiyokutana, mara nyingi kuna safu mbili zinazojazana zenyewe kwa zenyewe, mfano kipato kwa siku na kipato kwa wiki, toa mojawapo.

Picha ya pili inaweka waliojibu kwa bluu na waliojazwa kwa nyekundu, na hapa watu wanashtuka bure. Kwenye mfano wetu waliojibu wana wastani wa sh 13,571, lakini waliojazwa watakaa kwenye sh 18,333 hivi. Mtu anaona nyekundu imehama kulia anafuta kila kitu anasema kompyuta imekosea. Haijakosea, waliokataa ni wenye vyombo 100 na wa hesabu 20 tu, piga wastani wao mwenyewe uone. Zingefanana ndo ningepata wasiwasi. Cha kujiuliza ni je, tofauti hii inaelezeka na ninachokijua kuhusu waliokataa? Tenganisha picha kwa umiliki (densityplot(imp, ~ kipato | umiliki)) na hapo ndani ya kila kundi bluu na nyekundu zinatakiwa zikaribiane.

Hatua ya 7: chambua kila faili ndipo uunganishe

```r
fit <- with(imp, lm(kipato ~ 1))
summary(pool(fit), conf.int = TRUE)
```

Nimeandika kipato ~ 1 kwa sababu nataka wastani tu. Kwa rigresheni ya kawaida weka safu zako. Usije ukachukua mafaili 30 ukatafuta wastani wa kila seli ukapata faili moja "la kati", nimeona hilo limefanywa na mtu mwenye shahada mbili. Ukifanya hivyo umerudi kwenye kujaza mara moja, ule mrukoruko wote ulioulipia umeufuta.

Kinachofanywa na pool ni hesabu aliyoitoa Rubin, na inafaa uipige mara moja kwa mkono ili isibaki uchawi. Kila faili linakupa wastani na kosa sanifu. Wastani wa mwisho ni wastani wa zile wastani 30, hapa tutapata karibu sh 15,000. Kosa sanifu lina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kosa la ndani ya faili, kwetu ni kama 320, lizidishe kwa lenyewe unapata 102,400. Kipande cha pili ni jinsi zile wastani 30 zinavyotofautiana kati ya faili na faili, kwetu zinatawanyika kwa kama sh 149, zidisha kwa yenyewe ni 22,201, halafu ongeza kidogo kwa kuwa mafaili hayakuwa mengi bila mwisho, yaani zidisha kwa 1 na 1/30, inakuwa 22,941. Jumlisha vyote viwili ni 125,341, tafuta kipeo cha pili chake, 354. Mipaka ya asilimia 95 inakuwa sh 14,306 mpaka 15,694.

Weka majibu pembeni kwa pembeni. Fomu kamili: 13,571 na kosa 373. Kuweka wastani kwenye pengo: 13,571 na kosa 261. Kujaza mara nyingi: 15,000 na kosa 354. Hiyo ya mwisho haijidai kuwa na majibu 400 kamili, hayo yangekuwa na kosa la 320. Imelipa faini ya 34 kwa ajili ya yale mapengo, na kwenye faili lako halisi faini hiyo itakuwa ndogo au kubwa kulingana na jinsi safu zako zinavyoweza kukisia.

Hatua ya 8: je, kama waliokataa ni matajiri kweli?

Mpaka hapa tumeamini kwamba ndani ya wenye vyombo, aliyekataa ni sawa na aliyejibu. Inawezekana sio. Inawezekana anayelaza sh 30,000 ndo anayeogopa zaidi kuliko wa 18,000. Kujaza mara nyingi hakuoni hilo, kunaazima kwa waliojibu tu. Fomu kamili nazo hapa zinaharibika kabisa, hata ile tofauti ya 10,000 haiko salama tena. Dawa hakuna, ila kuna kipimo: unayapandisha makusudi yale uliyojaza uone jibu linahama kiasi gani.

```r
wazi <- which(is.na(data$kipato))
d <- complete(imp, "long", include = TRUE)
b <- d$.imp > 0 & d$.id %in% wazi & d$umiliki == "yake"
d$kipato[b] <- d$kipato[b] * 1.1
imp2 <- as.mids(d)
```

Halafu rudia hatua ya 7 ukitumia imp2. Hapa nimesema wenye vyombo waliokataa wanawazidi wenzao waliojibu kwa 10 kwa 100. Kila mmoja wa wale 100 anaongezeka sh 2,000, ukigawa kwa madereva wote 400 wastani unapanda sh 500, unakuwa 15,500. Weka 1.2 unapata 16,000. Weka 1.3, 16,500. Sasa geuza swali. Kama mpango wa mkopo unaoutathmini unahitaji wastani wa sh 16,000 ili marejesho yawezekane, basi hitimisho lako linageuka pale tu ambapo waliokataa wanawazidi wenzao kwa 20 kwa 100. Hiyo ni sentensi ambayo unaweza kwenda nayo kijiweni ukamuuliza mwenyekiti wao kama inaingia akilini, na atakujibu bila kujua R ni nini.

Hatua ya 9: unachoandika kwenye ripoti

Aya moja inatosha, ila isikose vitu. Kwa mfano wetu ningeandika hivi: "Kati ya madereva 400, 120 hawakutaja kipato, kati ya wenye pikipiki zao ni 100 kwa 200, kati ya wa hesabu ni 20 kwa 200. Mapengo yalijazwa mara 30 kwa mice, njia ya pmm, kwa kutumia umiliki, saa za kazi, mafuta, mkopo, aina ya simu na kijiwe. Wastani ni sh 15,000 (14,306 hadi 15,694). Kwa fomu kamili pekee ni sh 13,571. Endapo wenye pikipiki waliokataa kujibu wanawazidi waliojibu kwa 20 kwa 100, wastani unafika sh 16,000." Jibu la fomu kamili liache humo hata kama hulipendi, maana msomaji wa kwanza atakayepiga hesabu kwenye faili lako ghafi atakutana nalo, na ni heri akute umeshamweleza kwanini havifanani.